Namna ya kusoma ujumbe wa simu kutoka kwa bibi au babu bila kukisia

Katika ukoo wetu mimi ndiye ninayepelekewa ujumbe wa bibi pindi unaposhindikana kusomeka. Binamu zangu walioko Dar es Salaam na Dodoma hunitumia maandishi yale yale aliyowaandikia, kisha huuliza maswali ambayo nimeyajibu mara nyingi mno: hili neno ni nini, hapa anauliza au anaeleza, huyu mtu anakuja au haji? Nimeona ni vema niandike utaratibu ninaoufuata, hatua kwa hatua, ili nawe uweze kuusoma ujumbe wa mzee wako mwenyewe. Mifano mingi inatoka kwenye simu ya vitufe, ile ambayo Tanzania huitwa kiswaswadu na Kenya kabambe, kwa kuwa ndiyo simu ya bibi yetu na ya wazee wengi wa vijijini.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na ujumbe wenyewe, si maelezo ya mtu aliyeusoma. Uwe na karatasi na kalamu, kwa sababu kazi hii haifanyiki vizuri kichwani. Uwe na jumbe nyingine nne au tano za zamani kutoka kwa mzee huyo huyo, ambazo maana yake ilikwisha kujulikana. Uwe pia na salio la kumpigia, maana mara nyingi mzee ameandika kwa ufupi kwa sababu yeye hana salio la kupiga.

Mwisho, uwe na picha ya vitufe vya simu yake mbele yako:

```
          2 abc    3 def
4 ghi     5 jkl    6 mno
7 pqrs    8 tuv    9 wxyz
```

Kwenye simu hiyo kitufe kimoja hubeba herufi tatu au nne. Kuandika m unabonyeza 6 mara moja, n mara mbili, o mara tatu. Herufi mbili zinazofuatana zikiwa kwenye kitufe kimoja, mwandishi lazima asubiri kidogo kati ya ya kwanza na ya pili, la sivyo simu huzihesabu kuwa mbonyezo wa herufi moja. Nadharia inayohitajika ni hiyo tu, na inaeleza zaidi ya nusu ya maneno ambayo ndugu zangu huyaona kuwa ya ajabu.

Hatua ya 1: Uache ujumbe kama ulivyo na uandike siku na saa ulipotumwa

Unakili kwenye karatasi herufi kwa herufi, pamoja na makosa yake. Usirekebishe chochote wakati wa kunakili, kwa kuwa kosa lenyewe ndilo litakalokuonyesha neno lililokusudiwa. Pembeni andika siku na saa ujumbe ulipotumwa, kwani maneno kama jana, kesho na mtondo huhesabiwa kuanzia siku mzee alipoandika, na huko kijijini ambako mtandao hukatika, ujumbe wa Jumanne jioni unaweza kukufikia Jumatano asubuhi.

Angalia pia kama ujumbe umekamilika. Ujumbe mfupi mmoja wa kawaida hubeba herufi 160, zikiwamo nafasi. Ukizidi hapo hugawanywa katika vipande vya herufi 153 kila kimoja, na simu ya kisasa huviunganisha bila wewe kujua, lakini baadhi ya simu za zamani huvionyesha kimoja kimoja na pengine cha pili hutangulia. Ukiona ujumbe unaoanza katikati ya jambo, tafuta kipande kingine kabla ya kufikiri kwamba mzee amechanganyikiwa. Utaona pia kwamba vifupisho huongezeka kuelekea mwisho, kwa sababu simu nyingi za vitufe huonyesha hesabu ya herufi zilizobaki, na mwandishi anapoiona inakaribia sifuri huanza kubana maneno ili asilipie ujumbe wa pili.

Hatua ya 2: Usome kwa sauti, kwa lafudhi yake

Wazee wengi huandika kama wanavyosema. Ukisoma kwa macho peke yake utaona kosa la tahajia, ilhali ukisoma kwa sauti utamsikia mtu unayemfahamu. "Samani" huwa ni thamani, "zahabu" ni dhahabu, "karamu ya mtoto imepotea" ni kalamu, kwa kuwa lugha ya kwanza ya mzee huenda haitofautishi r na l. Maneno yaliyotenganishwa, kama "ali kuja" au "ata leta", huungana yenyewe mara unapoyatamka.

Lahaja nayo isichukuliwe kuwa kosa. Mzee wa Mombasa anayeandika "ndoo kwangu nina ndaa" hakutaji ndoo ya maji. Kwa Kimvita ndoo ni njoo, ndaa ni njaa na ndia ni njia. Ukisahihisha hapo unaharibu maandishi yaliyo sahihi.

Tahadhari kubwa katika hatua hii ni herufi h. Watu wengi huidondosha katika usemi na hivyo hawaiandiki, na katika Kiswahili h hiyo ndiyo inayobeba ukanushi wa nafsi kadhaa. "Ajafika" haina shida, kwa sababu hakuna kitenzi cha kukubali chenye umbo la "aja-" namna hiyo. Bila shaka ni hajafika. "Atuji" vilevile ni hatuji. Lakini "atakuja" inaweza kuwa atakuja au hatakuja, ilhali "atukupata" ni hatukupata tu. Kwa hiyo jiulize kwanza kama mzee wako ni mtu wa kudondosha h: tazama ujumbe wake wa zamani uone anaandika "hapa" au "apa", "hela" au "ela". Ikiwa anaandika "apa", basi kila "ata-" iliyomo kwenye ujumbe wake itie alama ya shaka.

Hatua ya 3: Ukate ujumbe kwa kufuata vitenzi

Mzee hakuweka nukta wala mkato, pengine kwa sababu kwenye simu yake alama hizo zimejificha kwenye kitufe cha 1 na hakuna aliyemwonyesha. Hapa sarufi ya Kiswahili inakusaidia sana. Karibu kila kitenzi chetu hubeba mtendaji na wakati ndani yake: a-li-pelekwa, tu-me-fika, wa-ta-rudi. Pita kwenye karatasi yako upigie mstari kila kitenzi, kisha weka mkwaju, yaani alama ya /, kabla ya jina au neno linalomtaja mtendaji wa kitenzi hicho. Mara nyingi mikwaju hiyo ndiyo mahali ambapo nukta zingekaa. Kumbuka kwamba katika mazungumzo "kasema" na "kapewa" ni vitenzi kamili, sawa na amesema na amepewa.

Ugumu hubaki kwa maneno ya wakati, ambayo yanaweza kufungwa kwa kitenzi kilichotangulia au kinachofuata. Chukua maneno "usije kesho njoo leo jioni nipo". Unaweza kukata "Usije kesho, njoo leo. Jioni nipo." Unaweza pia kukata "Usije kesho, njoo leo jioni, nipo." Kwa mkato wa kwanza waweza kufika wakati wowote leo, maana hata jioni yupo, na kwa mkato wa pili ukifika saa sita mchana huenda ukakuta mlango umefungwa. Andika mikato yote miwili kwenye karatasi. Usichague mmoja kwa sababu tu ndio uliokujia kwanza.

Alama ya kuuliza huleta shida ya aina yake, kwa sababu swali la ndiyo au hapana katika Kiswahili lina mpangilio ule ule wa maneno kama maelezo, na tofauti hukaa kwenye sauti, ambayo haimo kwenye maandishi. Kanuni ninayoitumia ni hii: kitenzi kinachokuhusu wewe msomaji, chenye u- au m- na kilicho katika wakati uliopita au timilifu, kisome kwanza kuwa swali. "Umetuma hela", "mmefika salama", "mtoto umempeleka kliniki" karibu daima ni maswali, maana si kawaida ya mtu kumweleza mwenzake jambo ambalo mwenzake ndiye aliyelifanya. Binamu yangu alikaa wiki nzima akiamini kwamba bibi amemshukuru kwa "hela umetuma", kumbe bibi alikuwa anauliza na anasubiri.

Hatua ya 4: Tafuta kosa la kitufe

Neno ambalo bado halisomeki, lirudishe kwenye vitufe. Andika namba ambazo zilibonyezwa, halafu ujiulize ni maneno gani ya Kiswahili yanayoweza kutoka kwenye namba hizo iwapo mwandishi aliharakisha.

Kosa linalotokea mara nyingi kuliko yote ni la herufi mbili zilizoungana. Mwandishi akitaka "mm" bila kusubiri, simu huandika n, kwa hiyo mmoja huwa "noja". Akitaka "aa", hupata b, na ndiyo maana saa 4 huonekana kama "sb 4", kaa huwa "kb", na taarifa huwa "tbrifa". Herufi a na b, kwa mpangilio wowote, hujumlishwa kuwa c, hivyo habari huwa "hcari" na bahati huwa "chati". Neno juu huweza kutokea kama "j8", kwa kuwa u mbili zikiunganishwa ni mibonyezo minne ya kitufe cha 8, na kwenye simu nyingi mbonyezo wa nne huleta tarakimu yenyewe. Makosa haya hayatokei kila mara. Hutokea pale kidole kilipokwenda mbio, kwa hiyo usishangae kuona "saa" imeandikwa vizuri mwanzoni na "sb" mwishoni.

Ikiwa simu ya mzee imewashwa ile kamusi inayokisia maneno, kosa huwa la namna nyingine. Hapo mwandishi hubonyeza kila kitufe mara moja, na simu huchagua neno inalolijua kati ya yanayotumia vitufe hivyo. Mtu ni 688, na kwa simu yenye kamusi ya Kiingereza 688 ni "out". Sasa ni 7272, sawa na "papa". Maneno mimi na nini yote ni 6464. Kaka na lala yote ni 5252. Yako na wako yote ni 9256. Ukiona neno zima, lililoandikwa vizuri, lakini halina mahali katika sentensi, lihesabu vitufe vyake. Kwenye simu ya kugusa hakuna hesabu hii: hapo tazama herufi jirani kwenye ubao, kama vile n na m, a na s, i na o, na ushuku kila neno la Kiingereza lililojitokeza ghafla, kwa kuwa simu huenda imelibadilisha yenyewe.

Hatua ya 5: Fungua vifupisho kwa upatanisho wa kisarufi

Wazee huwa na vifupisho vya makundi mawili. Kundi la kwanza ni la barua na ofisi: "yah" ni yahusu, "ndg" ni ndugu, "mwl" ni mwalimu, "k.n.y" ni kwa niaba ya, na alama ya /= baada ya kiasi cha shilingi. Mtu aliyewahi kuwa karani au mwalimu huvitumia bila kukosea. Kundi la pili ameliokota kwa wajukuu: c husomwa si, ndipo tunapata "cjui", "ckia", na "nipigie cm" yenye maana ya nipigie simu, 2 husomwa tu, kama "2po". Siku za wiki hufuata hesabu yake: j2 ni Jumapili, j3 Jumatatu, j4 Jumanne na j5 Jumatano.

Vifupisho vinavyotatiza ni vile vya kuondoa irabu, kwa kuwa maneno mawili yanaweza kubaki na konsonanti zile zile. "Ss" ni sisi au sasa, "mm" ni mimi au mama, "bb" ni babu, bibi au baba. Usikisie, tazama kitenzi kilicho karibu. "Ss hatujambo" ni sisi, kwa sababu hatu- inadai sisi. "Mm niko" ni mimi, na "mm ameondoka" ni mama. "Mm ako" haiwezi kuwa mimi. Upatanisho huu hutatua sehemu kubwa ya vifupisho, na pale usipotatua, kifupisho hicho kinahamia kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Yatenge maneno ambayo huruhusiwi kuyakisia

Yapo maneno machache ambayo hata ukiwa na uhakika wa tisini kwa mia unapaswa kumuuliza mzee kabla ya kutenda. Yazungushie duara.

La kwanza ni "amefk". Linaweza kuwa amefika, linaweza kuwa amefariki, na sarufi haitakusaidia kwa sababu vyote ni vitenzi vya mtu yule yule katika wakati ule ule. Bibi alipata kuandika "mjomba amefk jana usk tupo wote hapa nyumbani". Soma tena maneno hayo uone jinsi kila neno linavyokubaliana na maana zote mbili: mtu amefika usiku na jamaa wamekusanyika kumlaki, au mtu amefariki usiku na jamaa wamekusanyika msibani. Binamu mmoja alisoma msiba. Kabla ya saa nne asubuhi rambirambi zilikuwa zimekwisha kuanza kuchangwa Dar es Salaam, na shangazi yangu mwenye shinikizo la damu alikuwa amelazwa kitandani, ilhali mjomba alikuwa anakunywa chai. Ukiona "amefk", jibu neno moja lisilo na pole wala hongera, kama vile "Nimepokea, nakupigia sasa", halafu piga.

La pili ni ukanushi wenye shaka, ule wa "atakuja" niliouzungumzia juu. La tatu ni namba isiyo na kipimo. "30" inaweza kuwa shilingi elfu thelathini, kwa kuwa wazee wengi huacha neno elfu, au vidonge 30, au tarehe 30. La nne ni saa. "Saa 2" ya mzee ni ya Kiswahili, yaani 8:00 kwenye kioo cha simu yako, lakini hujui kama ni ya asubuhi au ya usiku. Kwa wazee wa pwani ongeza jambo moja: usiku huhesabiwa pamoja na siku inayofuata, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Na mtondo ni siku inayofuata kesho kutwa.

La tano ni namba ya simu ya kutumia fedha. Matapeli wa Tanzania wamezoea kutuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" kwa watu wengi, wakitumaini kwamba mmoja wao anasubiriwa kutuma fedha na ndugu yake. Mtu aliyezoea makosa ya mzee wake ana kinga hapa. Ujumbe unaodai umetoka kwa bibi, lakini una nukta na mikato yote, hauna "sb" wala "noja", na umetoka kwenye namba ngeni, umeandikwa na mkono mwingine. Hata hivyo usitegemee mtindo pekee. Mpigie bibi kwenye namba yake ya siku zote.

Hatua ya 7: Jibu kwa kurudia ulichoelewa

Mwandikie mzee sentensi fupi, jambo moja katika kila ujumbe, na maneno kamili: "Shikamoo bibi. Nimeelewa kwamba mama asije kesho, aje Ijumaa. Ndivyo?" Usimuulize "umesema nini?", kwa sababu atarudia maneno yale yale kwa makosa yale yale, au atanyamaza kwa kuona haya. Usimrudishie maneno yake yakiwa yamesahihishwa, kwani atahisi unampima kama mwanafunzi, na safari ijayo hataandika. Swali linalojibika kwa ndiyo au hapana linampunguzia kazi ya vidole.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Ujumbe huu uliingia Jumanne saa moja jioni:

```
hcari mjukuu ss hatujambo babu ako alipelekwa hosp j3
sb 4 sukari imepanda kapewa dawa 1x2 ajala tangu jana
mwambie mm ako asije kesho aje ij na hela ya dawa 30
mkungu noja wa ndizi nimempa dereva umeupata
```

Kwenye simu ya mama mdogo, ambayo ni ya zamani, uliingia vipande viwili, na cha kwanza kiliishia kwenye "hela ya". Cha pili, kilichoanza "dawa 30 mkungu noja wa ndizi", kilitangulia, naye akadhani babu ameandikiwa ndizi kuwa dawa. Tulipoviunganisha jambo hilo likaisha.

Nilianza na vitenzi: hatujambo, alipelekwa, imepanda, kapewa, ajala, mwambie, asije, aje, nimempa, umeupata. Mikwaju ikakaa kabla ya ss, babu, sukari, kapewa, ajala, mwambie, mkungu na umeupata. Vitufe vikafungua "hcari" kuwa habari, "sb" kuwa saa, na "noja" kuwa mmoja. Upatanisho ukafungua "ss" kuwa sisi na "mm ako" kuwa mama yako. "Ij" ni Ijumaa. "1x2" ni maandishi ya bahasha ya dawa, kidonge kimoja mara mbili kwa siku. "Umeupata" inanihusu mimi na ni timilifu, kwa hiyo ni swali: bibi anauliza kama mkungu wa ndizi umefika.

Likabaki "ajala tangu jana". Ndugu wawili walisoma ajali, wakaanza kuuliza gari gani. Nilitazama vitufe: a iko kwenye 2 na i iko kwenye 4, hivyo ili ajali igeuke ajala mwandishi angelazimika kukosea kitufe kabisa, si kukosea idadi ya mibonyezo, na bibi hufanya kosa hilo mara chache. Kisha nikatazama ujumbe wake wa zamani, nikakuta "apa" na "ela". Bibi mara nyingine hudondosha h. Neno ni hajala, na mtendaji wake ni babu aliyetajwa nyuma.

Tafsiri kamili ikawa hivi: Habari, mjukuu. Sisi hatujambo. Babu yako alipelekwa hospitali Jumatatu saa 4. Sukari imepanda. Kapewa dawa, kimoja mara mbili. Hajala tangu jana. Mwambie mama yako asije kesho, aje Ijumaa na hela ya dawa, 30. Mkungu mmoja wa ndizi nimempa dereva. Umeupata?

Sasa ona uzito wa ile h iliyokosekana. Zipo dawa za kisukari, kama vile insulini na vidonge vya glibenklamidi, ambazo mtu akizitumia bila kula sukari yake huweza kushuka kupita kiasi, akatoka jasho, akatetemeka, akachanganyikiwa na hata kupoteza fahamu. Ujumbe ulioonekana kuwa wa kuagiza hela ya Ijumaa ulikuwa na jambo la usiku ule ule. Nilipiga simu, bibi akathibitisha kwamba babu amekunywa uji kidogo tu tangu jana na anaendelea na vidonge, na jirani akampeleka zahanati kabla ya kulala. Ile "30" nilikuwa nimeihesabu kuwa elfu thelathini. Bibi alipoulizwa akasema ni vidonge 30 vya kumalizia dozi.

Ukikwama

*Ujumbe mzima haueleweki hata baada ya hatua zote.* Wakati mwingine simu imebadilishwa na mtoto kuwa kwenye kamusi ya kukisia, na mzee anaendelea kubonyeza kwa mtindo wa zamani. Dalili ni maneno marefu kuliko kawaida yenye konsonanti zinazorundikana, kwa kuwa kila mbonyezo umehesabiwa kuwa herufi. Mwombe mtu aliye karibu naye aizime kamusi hiyo. Kwenye simu nyingi za vitufe huzimwa kwa kubonyeza # mara kadhaa wakati wa kuandika.

*Mzee alikuwa anaandika vizuri, na ghafla makosa yamebadilika.* Linganisha na ujumbe wake wa miezi iliyopita. Makosa ya vitufe yanayoongezeka polepole yanaweza kutokana na macho au vidole. Lakini akianza kuacha maneno, kurudia sentensi ile ile au kuandika majina yasiyohusika, na hali hiyo ikajitokeza ndani ya saa chache, usiendelee kusoma maandishi: piga simu usikilize kama maneno yake yanatoka sawasawa, na kama ulimi ni mzito au upande mmoja wa uso au mkono umelegea, apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa hizo ni dalili za kiharusi.

*Simu yake haipokelewi.* Uwe umehifadhi mapema namba ya mtu wa pili aliye karibu naye, jirani au mwenye duka, na umuulize jambo moja tu lililozungushiwa duara. Usimsomee ujumbe wote wa mzee. Mambo ya nyumba yake ni yake.

*Ndugu wawili wamesoma maana mbili tofauti.* Kila mmoja aandike mikwaju yake kwenye nakala yake, kisha mlinganishe. Tofauti yenu itakuwa kwenye mkwaju mmoja au neno moja, na hilo ndilo la kumuuliza bibi.

*Kifupisho kile kile kinarudi kila mara na unakisahau.* Weka daftari. Langu lina kurasa tatu za maneno ya bibi, upande wa kushoto alivyoandika na upande wa kulia alivyokusudia, pamoja na tarehe niliyothibitisha kwake. Neno ambalo hajalithibitisha huliandika kwa penseli.